Shajara ya mradi: gari kila dakika 6, mbona tunasubiri karibu 6 na sio 3?

Jumatatu usiku

Naanza rasmi leo. Nataka kutengeneza kitu kidogo cha kwenye simu, mtu akiwa kituoni Tangi Bovu hapa Dar es Salaam jioni anaelekea Tegeta Nyuki akifungue kimwambie kwa kawaida atasubiri daladala dakika ngapi. Sio ramani wala GPS, namba moja tu ya kweli.

Nilianzia kwa mzee anayesimamia zamu upande ule, nikamsalimia, nikamuuliza jioni gari zinapita baada ya muda gani. Akanijibu bila kufikiri, "Kijana, gari kumi kwa saa, gawa mwenyewe." Nikagawa, dakika 6. Na mimi nikaendelea na hesabu kichwani, kama gari inapita kila dakika 6 na mtu anafika muda wowote tu, basi kuna wa kuikuta inaingia na kuna wa kuikosa sekunde ile ile, kwa hiyo katikati ni dakika 3, nikaandika 3 kwenye daftari nikaona namba ya kwanza ya mradi nimepata hata kabla sijasimama kituoni.

Kulikuwa na mama anauza mihogo ya kukaanga pale pembeni, alikuwa anasikiliza. Akasema, "Dakika tatu? Mwanangu, wewe hupandi daladala." Nikacheka kidogo nikaondoka lakini nimerudi na hiyo sentensi nyumbani, kwa sababu huyu anakaa pale kila siku kuanzia saa 9 mchana mpaka usiku na anawaona watu wanavyosubiri, hana sababu ya kunidanganya. Na mzee naye hana sababu ya kunidanganya. Kesho nahesabu mwenyewe.

Jumanne

Nimesimama kuanzia saa 10:30 jioni mpaka 11:30. Nilisubiri gari moja ipite ndio nikaanza, na nikamaliza gari nyingine ilipopita, ili nisibaki na pengo lililokatwa nusu mwanzoni au mwishoni (hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, mapengo marefu ndiyo yanayokatwa zaidi na muda wako wa kuhesabu, ukiyatupa yale ambayo hujaona mwisho wake unakuwa umetupa marefu). Nyakati za Tegeta Nyuki peke yake, nimeziweka kwa dakika bila sekunde:

10:30, 10:31, 10:33, 10:47, 10:48, 10:51, 11:02, 11:04, 11:12, 11:13, 11:30

Kwa hiyo mapengo ni 1, 2, 14, 1, 3, 11, 2, 8, 1, 17. Ni kumi, jumla dakika 60, wastani dakika 6 kamili. Mzee wa zamu amesema kweli tupu.

Halafu nikawauliza watu waliokuwa wamesimama, kila gari ikikaribia nawauliza wachache wamesubiri muda gani, na nikawa nacheki na saa kwa wale niliowaona wakifika. Wastani wao ulikuja karibu dakika 9. Tisa! Yaani mara tatu ya ile namba yangu ya jana, na ni zaidi hata ya pengo lenyewe la wastani. Mtu anasubirije dakika 9 kwenye pengo la dakika 6, kichwa kiliniuma njia nzima.

Niandike na hiki kabla sijasahau. Kati ya 10:33 na 10:47 kituo kilijaa mpaka watu wakashuka barabarani, mwanafunzi mmoja ameweka begi mbele kifuani, dada mmoja amevua kiatu kimoja anasimama kwa mguu mmoja. 10:47 ikaja Kosta, konda ananing'inia mlangoni, watu wakasukumana, mlango haukufunga, ikaondoka imelala upande. 10:48, dakika moja tu, ikaja nyingine nyuma yake ina viti vitupu vya kutosha na konda anaita "Tegeta Tegeta" kwa kituo ambacho hakina tena mtu wa kuitwa. Waliopanda ile ya pili ni wawili. Hii picha nitairudia.

Jumatano

Kosa la kwanza nimelijua, nililala nalo. Jana niliwauliza watu *waliosimama kituoni*. Anayefika na kupanda dakika hiyo hiyo hasimami muda wa kutosha nimwone na kumuuliza, anayesimama dakika 15 yupo pale ananiangalia kila nikigeuka. Kwa hiyo nimewachota waliosubiri muda mrefu bila kukusudia.

Leo nikafanya tofauti. Nimeandika skripti ndogo ya kunichagulia nyakati 15 ndani ya saa moja, kiholela kabisa, nikaziweka kama alamu kwenye simu. Alamu ikilia najihesabu kama mtu aliyefika sekunde ile, napiga saa mpaka gari inayofuata. Sichagui uso wa mtu wala sichagui wakati.

Nilitegemea irudi 3. Wastani umekuja dakika 5 na sekunde 40, na gari za leo nazo zilipita kumi kwa saa kama jana. Imeshuka kutoka 9, sawa, lakini 3 haionekani. Bado ni karibu mara mbili ya hesabu yangu na sasa sina mtu wa kumlaumu kwenye vipimo.

Alhamisi usiku

Nikaamua niachane na barabara kwanza nijaribu kwenye kompyuta, gari za kubuni, mapengo yenye wastani wa dakika 6 yanayotokea bila mpangilio. Nikaandika haraka haraka, nikachagua mapengo laki moja kiholela kwenye orodha, nikapiga wastani, ikatoka 6. Nusu yake 3. Nikafurahi, nikasema basi barabarani kuna kitu kingine, labda foleni ya pale mataa, nikaenda kula.

Nikiwa nakula ndio ikaniingia. Msitari wenyewe ulikuwa huu:

```python
pengo = random.choice(mapengo)
```

Hapo kompyuta inachagua *pengo*. Kila pengo lina kura moja, la dakika 1 na la dakika 17 yako sawa. Ila hakuna abiria anayechagua pengo! Abiria anachagua *wakati*, au tuseme wakati unamchagua, anatoka kazini anavuka barabara anafika, na pengo ni lile analolikuta. Nikaacha sahani nikarudi kuandika upya:

```python
import random, bisect

t, gari = 0, []
while t < 1_000_000:
    t += random.expovariate(1/6)   # wastani dakika 6
    gari.append(t)

pengo, subira = [], []
for _ in range(100_000):
    x = random.uniform(gari[0], gari[-1])   # abiria anafika
    i = bisect.bisect(gari, x)              # gari inayofuata
    pengo.append(gari[i] - gari[i-1])
    subira.append(gari[i] - x)

print(sum(pengo)/len(pengo), sum(subira)/len(subira))
```

Sasa zimetoka namba mbili, ya kwanza karibu 12 na ya pili karibu 6, na kila nikiiendesha tena zinacheza kidogo tu pembeni ya hapo hapo. Pengo analoangukia abiria ni dakika 12 wakati mapengo yenyewe yana wastani wa 6. Gari ni zile zile, orodha ni ile ile, tofauti ni nani anayechagua na anachagua nini.

Ijumaa

Nilitaka nilione kwa macho, sio kwenye skrini. Nikaunganisha karatasi za grafu kwa gundi mpaka zikafika sentimita 60, sentimita moja kwa dakika moja, nikachora mistari ya gari za Jumanne. Mpwa wangu alikuwa nyumbani yuko darasa la tano, nikampa punje 50 za choroko nikamwambia afumbe macho azidondoshe moja moja popote juu ya ule utepe, zikidunda nje anarudia.

Akamaliza, akafumbua, akaangalia, akasema, "Mjomba, zote zimeenda kwenye vyumba vikubwa." Sio zote, tulihesabu, 36 kati ya 50 ziliangukia kwenye vile vyumba vitatu tu, cha 14, cha 11 na cha 17. Kwenye vile vya sentimita moja moja, ambavyo viko vitatu pia, vilipata punje 2 vyote pamoja.

Na ukishauona ule utepe hakuna tena cha kubishana. 14 na 11 na 17 ni 42. Mapengo matatu kati ya kumi yamekula dakika 42 kati ya 60. Mzee wa zamu akihesabu anaona mapengo saba mafupi na matatu marefu, anasema kwa haki kabisa mengi ni mafupi. Abiria akifika, ana nafasi asilimia 70 ya kukuta lile refu. Pengo la dakika 17 lina mlango mpana mara 17 kuliko la dakika 1, ndio maana watu wanaingia humo.

Kwa hiyo wastani wa pengo analolikuta abiria haupatikani kwa kugawa 60 kwa 10. Kila pengo unalipa uzito wa urefu wake lenyewe, na urefu mara urefu ni kipeo cha pili. Nikafanya hivyo kwa Jumanne: 1 + 4 + 196 + 1 + 9 + 121 + 4 + 64 + 1 + 289, jumla 690. Gawa kwa dakika 60, unapata 11.5. Hilo ndilo pengo la abiria wa kawaida siku ile, na kwa kuwa ndani ya pengo anaweza kufika popote, kusubiri kwake ni nusu, 5.75. Angalia ile ya alamu ilivyokuwa, dakika 5 na sekunde 40. Siku mbili tofauti, ila zimekaribiana mno nikasimama nikazunguka chumba.

Halafu ile 9 ya Jumanne nayo ikajieleza yenyewe. Kuwauliza watu waliosimama ni kurudia mchezo ule ule mara ya pili, mara ya kwanza mapengo marefu yanavuta abiria wengi, mara ya pili abiria wa subira ndefu wanavuta macho yangu mimi ninayeuliza. Nikapiga hesabu kwa gari zile zile za Jumanne, ukimchukua mtu yeyote aliyesimama kituoni kwa wakati wowote, kusubiri kwake kote mpaka apande ni wastani wa dakika 9.2. Kwa hiyo mama wa mihogo anachokiona kutoka pale alipokaa sio 3 wala 5.75, ni 9. Na yuko sahihi kwa watu walioko mbele ya macho yake.

(Ni kama kuuliza darasa zima "kwenu mmezaliwa wangapi" ukapiga wastani ukasema ndio familia za mtaa huu. Familia ya watoto nane ina watoto nane wa kukujibu, ya mtoto mmoja ina mmoja, na wasiojaliwa mtoto hawana wa kuwasemea darasani.)

Jumamosi

Leo nimekaa na ile 12 ya kompyuta, kwa sababu imetoka mara mbili kamili na nataka kujua kwa nini kamili.

Gari zisizo na mpangilio wowote, yaani kila sekunde ina nafasi ile ile ya kuleta gari bila kujali nini kilitokea kabla, ndizo watu wa hesabu wanazoziweka chini ya jina la Poisson, Mfaransa aliyeandika juu ya hesabu za aina hii mwaka 1837. Na mwaka 1909 Mdenmaki anaitwa Erlang alionyesha kuwa simu zinazopigwa kwenda kituo cha simu zinafuata tabia hiyo hiyo. Sifa yake kubwa ni kwamba hazina kumbukumbu. Ukifika kituoni gari ikiwa imepita sasa hivi, unategemea kusubiri dakika 6. Ukifika ikiwa imepita dakika 20 zilizopita, bado unategemea dakika 6. Ile kauli tunayopeana kituoni kwamba "haijapita muda mrefu kwa hiyo iko karibu" kwenye gari za aina hii haina nguvu, kukaa kwako hakuisogezi.

Sasa geuza shingo uangalie nyuma. Kama mbele ni 6 kwa wastani, nyuma nako ni 6 kwa wastani, kwa sababu ukiangalia orodha ile ya nyakati kutoka mwisho kwenda mwanzo ni kiholela vile vile. Sita ya nyuma na sita ya mbele, pengo ulilosimama ndani yake ni 12. Sikuhitaji hesabu ngumu, nilihitaji kugeuka tu.

Ila daladala zetu sio za kiholela kabisa. Za Jumanne zimetoa 11.5 badala ya 12, karibu sana, na nisingependa mtu afikiri ndio sheria. Ukiwa na gari zinazopita kila dakika 6 kama saa ya ukutani, pengo ni 6 na kusubiri ni 3, fumbo halipo kabisa, hesabu yangu ya Jumatatu ilikuwa sahihi kwa mji huo ambao sio huu. Upande wa pili chukua gari zote kumi zije kwa mkupuo mara moja kwa saa. Wastani wa mapengo bado ni 6! Tisa ni sifuri na moja ni 60. Abiria anasubiri dakika 30. Kwa hiyo mara mbili sio kikomo, hakuna kikomo, kinachoamua ni mapengo yanatofautiana kiasi gani. Nimeandika hivi kwenye skripti:

```
subira = (wastani / 2) * (1 + tofauti / wastani**2)
```

`tofauti` ni wastani wa zile tofauti kati ya kila pengo na wastani, kila moja ikiwa imepigwa kipeo cha pili, na unaipata pia kwa kuchukua wastani wa vipeo vya pili vya mapengo ukatoa kipeo cha pili cha wastani. Kwa Jumanne wastani wa vipeo vya pili ni 69, toa 36 inabaki 33, gawa kwa 36 unapata 0.917, kwa hiyo 3 mara 1.917, na inarudi 5.75 ile ile.

Kuna masharti na nayaandika hapa ili nisije kuyasahau nikiweka namba kwenye simu za watu. Yote haya yanakubali tu kama abiria anafika bila kujua gari iko wapi. Anayeiona kwa mbali akakimbia, anayepigiwa na konda anayemjua, anayeshushwa na gari nyingine pamoja na watu ishirini kwa wakati mmoja, hao hawafiki kiholela. Na kama gari imejaa ukashindwa kupanda, hesabu yangu inakuona umeshaondoka wakati bado umesimama, kwa hiyo jioni ya nyomi 5.75 ni namba ya chini kuliko ukweli.

Jumapili

Narudi kwenye ile picha ya 10:47 na 10:48, kwa sababu haikuwa bahati mbaya. Gari ikichelewa kidogo inakuta watu wengi zaidi kituoni, kupakia kunachukua muda zaidi, inachelewa zaidi, kituo kinachofuata inakuta wengi zaidi tena. Ya nyuma yake inakuta vituo vimefagiliwa, haisimami, inaikaribia ya mbele. Mwisho zinafukuzana. Juu yake weka hesabu ya bosi inayotakiwa ifike jioni, dereva mwingine anakaa mwanzo wa ruti mpaka ajaze, mwingine anakata ruti anageuzia njiani, na mapengo yanazidi kutanuka upande mmoja na kubanana upande mwingine.

Na idadi ya watu ndani ya gari ni fumbo lile lile kwa sura nyingine. Tuseme wanafika watu 2 kwa dakika pale Tangi Bovu. Gari iliyokuja baada ya dakika 17 inapakia 34, iliyokuja baada ya 1 inapakia 2. Konda akipiga wastani wa gari zote ni 12 kwa kituo kile, hajasema uongo. Lakini abiria ukimuuliza mmoja mmoja mlipanda wangapi, wastani wa majibu ni 23, kwa sababu wale 34 wote watasema 34 na wale wawili tu ndio watasema 2. Ndio maana kila ninayeongea naye anasema gari zinajaa na makonda wanasema kuna tripu wanatembeza viti. Wote wanasema kweli.

Halafu nikacheza na utepe wa karatasi, na hapa ndio mahali ambapo mradi umebadilika mikononi mwangu. Nikajiuliza, nikipewa gari moja ya ziada kwa ile saa ya Jumanne niiweke wapi? Nikiiweka katikati ya pengo la dakika 1, kusubiri kunabaki 5.75, inashuka kwa kitu ambacho hata hukioni. Nikiiweka katikati ya lile la 17, inashuka mpaka 4.55. Na kwenye ripoti yoyote ya wastani hizo mbili ni sawa, zote gari kumi na moja ndani ya saa ile ile, wastani wa pengo 5.45. Aliyeko ofisini hatoziona tofauti.

Kisha nikaondoa gari ya ziada. Nikachukua ile ya 11:13, iliyokuja dakika moja baada ya mwenzake halafu nyuma yake pakawa patupu dakika 17, nikaisogeza mbele dakika 8 iwe 11:21. Mapengo 1 na 17 yamekuwa 9 na 9. Kusubiri kumeshuka kutoka 5.75 mpaka 4.68. Kuchelewesha gari moja kwa dakika 8 kumefanya karibu kazi yote ya kununua gari mpya, bila senti.

Sio bure lakini. Waliokwisha kukaa ndani ya gari ya 11:13 wanapoteza dakika 8 na wao ni watu. Ila kumbuka ile ni gari inayofuata nyuma ya mwenzake, ni zile zinazokuja na viti vitupu, wanaochelewa ni wachache kuliko wanaookolewa. Kama imejaa hesabu inageuka, usiisimamishe.

Jumatano, wiki ya pili

Nilimpelekea mzee wa zamu utepe wenyewe, nimeukunja nikaufungua juu ya meza yake ya mbao. Sikuanza na kipeo wala nini. Nikamwambia, "Mzee, ulichoniambia ni kweli, gari ni kumi kwa saa, nimehesabu." Akafurahi. Nikampa choroko. Akadondosha kama kumi hivi, saba zikaenda kwenye vyumba vitatu, akaniangalia, akadondosha nyingine. Akanyamaza kidogo akasema, "Kwa hiyo mimi nahesabu gari, nyie mnahesabu dakika." Sijaona mtu amelisema vizuri kuliko hivyo na nimelibandika juu ya faili la mradi.

Nikamuomba jambo moja, gari ikifika nyuma ya mwenzake na ina nafasi, aishikilie dakika nne tano. Akasema madereva hawatakubali, anayesimama anaona mwenzake anamlia abiria mbele. Tukabishana kwa heshima. Mwisho akakubali kujaribu jioni moja na dereva mmoja anayemsikiliza.

Ijumaa, wiki ya pili

Tumejaribu jana. Gari ilishikiliwa mara mbili. Mara ya kwanza dakika 5, ikawa safi, pengo lililokuwa linakwenda kuwa la 13 likawa 8, watu waliofika katikati waliikuta. Mara ya pili dereva alivumilia dakika 2 tu, abiria ndani walianza kugonga bati, konda akapiga mluzi wakaondoka, na walikuwa na haki, hakuna aliyewaeleza kwa nini wamesimama. Sina matokeo ya kuandika, jioni moja na gari mbili haitoshi kusema chochote kuhusu wastani, na siku yenyewe ilikuwa na mvua.

Upande wa simu nimefuta ile "gari kila dakika 6". Sasa inasoma nyakati za gari zilizohesabiwa, inapiga vipeo vya pili, inagawa, na inaandika "ukifika sasa hivi, kwa kawaida utasubiri dakika 6, na kuna siku mpaka 17". Hiyo sehemu ya pili niliiongeza baada ya kumwonyesha mama wa mihogo. Aliisoma, akasema 6 bado ni ndogo ila hiyo ya 17 anaijua.

Jumatatu nahamia asubuhi, upande wa kwenda Makumbusho, kuanzia saa 12:30.